Degedege na Sindano

Leo nataka kunena nanyi habari ya degedege. Nanena na wazazi wote, lakini hasa nanena na wale wenye kazi ya kuwafundisha watu mambo ya afya: walimu wa shule, wahudumu wa afya vijijini, na vijana wanaosomea ualimu. Maana kuna kosa moja la zamani lililowaua watoto wengi, na kulisahihisha kunahitaji maarifa. Asiyejua namna yake huweza kulitia nguvu badala ya kuling'oa.

Naanza na neno la kweli. Mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, apelekwe zahanati au hospitali upesi, saa ile ile, hata kama degedege yenyewe imekwisha koma. Hilo ndilo neno kuu la leo, na msikiaji akisahau yote mengine, alishike hilo.

Sasa lile kosa. Watu husema kwamba mtoto wa degedege hachomwi sindano, na akichomwa hufa. Husema pia kwamba degedege si ugonjwa wa hospitali, bali huletwa na pepo, au na ndege apitaye usiku juu ya nyumba. Neno hili si la Mpanda peke yake. Mwaka 1996 watafiti waliandika habari za Wilaya ya Bagamoyo, kule pwani, wakaeleza kwamba wazazi wengi hawakuihesabu degedege kuwa ni malaria, na tiba ya kwanza waliyoitafuta ilikuwa ile ya jadi. Malaria walipeleka hospitali. Degedege walipeleka kwa mganga.

Mwalimu asiye na subira atasema, "Huu ni ujinga." Lakini si ujinga. Watu wamesema waliyoyaona kwa macho yao wenyewe. Shida ni kwamba waliona nusu ya mambo. Na tuchukue mfano wa nyumba mbili katika kijiji kimoja, ili tuone jinsi kosa hili linavyozaliwa.

Katika nyumba ya kwanza yumo mtoto wa miaka miwili. Jumatatu jioni mwili wake una moto. Jumanne anakataa uji, na mama anampa dawa ya kutuliza homa iliyobaki nyumbani. Homa inashuka, kisha inarudi. Jumatano anatapika kila anachopewa. Usiku macho yanageuka juu, mikono na miguu inakakamaa na kutetemeka, na akiisha kutulia haamki vizuri. Wazee wanasema, "Hii ni degedege, msimpeleke kwenye sindano." Mtoto anafukizwa moshi. Alhamisi degedege inarudi mara mbili. Ijumaa asubuhi hajitambui tena, ndipo baba anapotafuta pikipiki. Mvua ya masika imeharibu njia, hata wanafika hospitali adhuhuri. Tabibu anamchoma sindano. Baada ya saa moja mtoto anakufa.

Je, watu wa kijiji waliona nini? Waliona sindano, na baada ya sindano waliona mauti. Siku nne zilizotangulia hawakuzihesabu. Lakini katika siku hizo vijidudu vya malaria vilikuwa vikizidi katika damu, vikiziba mishipa midogo ya ubongo, na sukari ya damu ikipungua kwa sababu ya ugonjwa na kwa sababu ya kutokula. Sindano haikumwua. Sindano ilifika wakati mauti yamekwisha kukaribia.

Katika nyumba ya pili mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana homa tangu asubuhi. Mchana anashikwa na degedege. Inadumu dakika tatu. Bibi yake anamfukiza moshi. Mtoto anatulia, analia, ananyonya. Kesho yake anacheza. Watu wanasema moshi umemponya. Lakini watoto wa tangu miezi 6 hata miaka 5 huweza kushikwa na degedege kwa sababu ya homa tu, na mara nyingi hukoma yenyewe kwa dakika chache, uwepo moshi au usiwepo. Basi moshi ulipata shukrani isiyo yake, kama sindano ilivyopata lawama isiyo yake.

Mnaona, wasikilizaji, jinsi jambo lilivyo. Watoto waliokuwa na hali nyepesi walibaki nyumbani wakapona. Waliokuwa mahututi walipelekwa hospitali mwishoni, na baadhi yao wakafa. Mtu akihesabu hivyo, ataona nyumba inaponya na hospitali inaua. Hesabu ni sahihi, lakini maana yake sivyo, kwa kuwa watoto waliolinganishwa hawakuwa na hali moja.

Nanyi waelimishaji, lazima mkiri jambo lingine. Hofu ya sindano ilikuwa na chembe ya kweli ndani yake. Zamani malaria kali ilitibiwa kwa sindano ya kwinini. Dawa hiyo iliokoa watu wengi, lakini ikichomwa vibaya katika tako iliweza kuleta jipu, au kuumiza mshipa wa fahamu na kuuacha mguu umepooza. Nayo huweza kushusha sukari ya damu. Bibi aliyemwona mtoto wa jirani akichechemea baada ya sindano hakuota ndoto. Mkimwambia kwamba hakuona kitu, hatawasikiliza tena.

Leo dawa inayotangulizwa kwa malaria kali ni sindano ya artesuneti. Na hapa ndipo mwelimishaji anapotaka kuteleza, kwa kuahidi kuliko yaliyo kweli. Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa, nusu kwa kwinini na nusu kwa artesuneti. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini, walikufa kama 109. Katika kila 1,000 waliopewa artesuneti, walikufa kama 85. Kwa ajili ya tofauti hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 artesuneti itumike kwa watoto badala ya kwinini. Lakini zitazameni hesabu hizo vema. Dawa iliyo bora haikuwaponya wote. Wengi sana walipona. Wengine walikufa ingawa walikuwa hospitalini na dawa ilikuwa njema.

Nalimsikia kijana mmoja, mwanafunzi wa ualimu, akihutubia wazazi chini ya mwembe. Alisema kwa sauti kuu, "Mtoto akichomwa sindano atapona, nawaahidi." Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, na asipopona, tukuite wewe?" Kijana akanyamaza. Baadaye aliniambia, "Mwalimu, bibi yule amenifundisha." Na kweli amefundisha. Ahadi kama ile ikivunjwa na kaburi moja, kijiji kizima hurudia neno la zamani, tena kwa nguvu zaidi.

Basi mwelimishaji aseme hivi: "Sindano haisababishi kifo cha mtoto wa degedege. Kinachomwua ni ugonjwa ulio ndani yake, na kila saa inayopita unazidi. Tukimfikisha mapema, nafasi yake ya kupona ni kubwa zaidi. Siwezi kuahidi kwamba kila mtoto atapona. Lakini najua kwamba kukawia kunapunguza nafasi yake." Maneno haya hayavunjwi na msiba, kwa sababu hayakuahidi lisilowezekana.

Tena asiseme kwamba kila degedege ni malaria. Huweza kuwa ni homa nyingine, au homa ya uti wa mgongo, au kifafa. Tabibu atapima tone la damu, na kipimo cha haraka hutoa jibu kwa muda usiofika nusu saa. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, tabibu hutafuta sababu nyingine. Wala si kila mtoto atachomwa sindano. Yule mwenye malaria isiyo kali hupewa vidonge. Mzazi aliyeambiwa "degedege ni malaria tu," kisha akajibiwa zahanati kwamba mtoto hana malaria, atadhani ameambiwa uongo.

Na kabla ya kufika huko, afanye nini? Mtoto akiwa katika degedege, alazwe ubavu mahali laini, mbali na moto na vitu vigumu, nguo za shingoni zilegezwe. Asitiwe kijiko wala kidole kinywani; hataumeza ulimi wake, lakini aweza kuvunjika meno au kupaliwa. Asinyweshwe kitu chochote wakati huo, wala asifukizwe, kwa kuwa moshi humzidishia shida ya kupumua. Mtu mmoja aangalie saa, ili amweleze tabibu ilidumu dakika ngapi. Ikitulia, mtoto akiwa macho na aweza kunyonya, anyonyeshwe njiani. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, au asiyeamka vizuri, huyo yu hatarini, naye asingojee asubuhi.

Mwisho, mpangilio wa maneno yenu. Tangulizeni lililo kweli. Litajeni kosa mara moja tu, tena mkilitaja mseme papo hapo kwamba si kweli. Maana linalorudiwa mara nyingi ndilo linalokumbukwa, hata kama mlilirudia ili kulipinga. Elezeni kwa nini lilionekana kuwa kweli, ili msiwafedheheshe wazee. Kisha malizeni kwa lile lile la kweli mliloanza nalo. Na mganga wa kijiji msimtukane, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kubishiwa hodi usiku. Akikubali kusema, "Mpelekeni hospitali kwanza," neno lake moja litafika mahali ambapo hotuba zetu kumi hazifiki.

Nami nafuata kanuni hiyo hiyo. Kwenu wa Karema kando ya ziwa, wa Inyonga, wa Usevya, wa Mishamo na wa Mpanda mjini: mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, apelekwe upesi, saa ile ile, hata kama imekwisha koma.