Barua ya Mlezi kwa Mwanafunzi Aliye Chini ya Mstari: Hesabu ya Muhula wa Pili

Mada kwa semina ya washauri wa wanafunzi

Barua nyingi tunazowaandikia wanafunzi walioanguka muhula wa kwanza zina maneno mengi na hesabu haba. Mwanafunzi anasoma "ongeza bidii", anaikunja barua, kisha anarudi kukesha na somo lile lile linalomshinda. Nitawaonyesha barua ya aina nyingine. Mfano ni wa kutunga, ila kanuni zake mtazitambua: A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E 0. Kufaulu kozi ni C, yaani alama 40. Mwenye GPA ya mwaka chini ya 1.8 anadisko, aliyefika 1.8 anaruhusiwa kufanya sapu, na akifaulu sapu anapewa C, hata akipata 90. Kumaliza mwaka kunadai 2.0. Kabla ya kuandika, mlezi afungue kitabu cha kanuni za chuo chake, maana vyuo havifanani.

Binti wa mfano wetu ana kozi tano kila muhula, zote zenye krediti sawa. Muhula wa kwanza alipata B, C, C, D na E, jumla ya pointi 8, ambayo ni GPA ya 1.6. Yeye mwenyewe amepiga hesabu: mwaka mzima una kozi kumi, 2.0 ni pointi 20, basi anadaiwa 12 kwa kozi tano, wastani wa 2.4. Ameingiwa na hofu. Barua inaanza kwa kumrekebisha:

"Mwanangu, hesabu yako ni sahihi, lakini umeanzia mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni 1.8, yaani pointi 18. Unazo 8, unadaiwa 10: C tano. Ukipita hapo utafanya sapu mbili za muhula wa kwanza. D ikiwa C inaongeza 1, E ikiwa C inaongeza 2. Kumi na nane na tatu ni 21, na GPA yako ni 2.1."

Tuweke kalamu chini kidogo hapa. C tano zinamfikisha 1.8 kamili, bila senti ya ziada. D moja tu muhula huu inambakisha na 17, na anadisko kabla hata ya kugusa sapu. Kwa hiyo anahitaji akiba ya pointi, na akiba haitoki kwenye kozi dhaifu. Ndiyo sababu barua inaendelea:

"Takwimu umepata 5 kati ya 20 katika jaribio la kwanza. Zimebaki alama 20 za kazi za muhula: jaribio la pili na kazi ya kikundi. Chuo kinataka 16 kati ya 40 ndipo uingie chumba cha mtihani, basi tafuta 11. Ukizipata, mtihani wa mwisho unakudai 24 kati ya 60 tu kufikia C. Usiitafutie B. Lakini Sosholojia una 15 kati ya 20. Ukipata 13 katika zilizobaki utakuwa na 28, na B itakudai 22 kati ya 60. B+ itakudai 32. B moja inaifidia D moja. B+ inazifidia mbili, ingawa kila D bado itakupeleka kwenye sapu."

Mwanafunzi wa kawaida hufanya kinyume: anazama Takwimu usiku na mchana, anatoka na 47 pale ambapo 40 ingetosha, na zile alama saba hazinunui pointi yoyote. Sosholojia anayoidharau kwa kuwa "inapita yenyewe" anapata 48, alama mbili chini ya B. Mlezi anaweza kuona dalili mapema kwa kuuliza swali moja: wiki hii umesoma nini, kwa saa ngapi? Akijibu kozi moja tu, mgao umekosewa.

Krediti zikitofautiana, zidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake kwanza. B ya kozi ya krediti 12 inaongeza 12 juu ya C. Ya krediti 8 inaongeza 8 tu, na haiifidii D ya kozi kubwa.

Barua hii ifike kabla ya jaribio la pili. Baada ya hapo ile 16 karibu imekwisha kuamuliwa. Na kama matokeo ya jaribio hilo yanaonyesha kozi mbili hazitafika 16, hesabu haifungi tena bila kozi tatu zilizobaki kuleta wastani wa zaidi ya B. Basi mlezi amwambie hivyo wazi, na kama kuna ugonjwa au msiba uliomrudisha nyuma, amwelekeze kuomba kuahirisha masomo kabla ya ratiba ya mitihani kutoka.