Kabla ya Kukubali Jino la Skrubu

Leo tuzungumze juu ya jino la kupandikizwa. Mwenzetu mmoja hapa Machakos aling'olewa gego, akaambiwa bei, akauza ng'ombe. Kumbe bei ile ilikuwa ya skrubu peke yake!

Kazi hii ina sehemu tatu: skrubu ya titani ndani ya mfupa, kiungo juu yake, na kofia, yaani jino lenyewe linaloonekana. Basi tuulize: bei ni ya zote tatu? Eksirei imo? Mfupa ukiwa haba, kuuongeza ni pesa ngapi?

Tuulize na muda. Mara nyingi mfupa hungojewa ushike skrubu miezi 3 hadi 6, ndipo kofia iwekwe. Kwa hiyo anayekwenda India huenda akasafiri mara mbili. Nauli nayo ihesabiwe. Tena aandikiwe aina na ukubwa wa skrubu, maana ikileta shida huku nyumbani, daktari asiyeijua atapata taabu kupata vifaa vyake.

Mwisho tuulize: je, jino la kuvaa na kuvua halitoshi? Majibu yote tuyapate kwa maandishi, ndipo tutoe pesa.