Kutoka Kagera hadi Kampala: Vita vya Haki?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumzie vita vya haki. Nimechagua vita vyetu wenyewe dhidi ya Idi Amin, yule ambaye wazee wetu walizoea kumwita nduli.

Mwanzo wake hauna ubishi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto ni yake. Kumtoa kulikuwa kujilinda. Lakini ilipofika Januari 1979 alikuwa amekwisha kutoka. Je, ni haki gani basi iliyotupeleka Kampala? Serikali ilishikilia kuwa tunajilinda. Wanazuoni ndio waliosema baadaye kuwa tuliwaokoa Waganda, na dai hilo lina masharti yake.

Sharti moja ni kwamba vita viwe njia ya mwisho. Mwalimu Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani Amin, naye Amin aache kudai ardhi yetu na alipe fidia. Umoja ulituma wasuluhishi, lakini haukumlaani. Tena kumbukeni kuwa ni Umoja huo huo uliomfanya Amin mwenyekiti wake mwaka 1975, hali raia zake wakiuawa tangu 1971. Njia ya mwisho si lazima iwe ya mia moja baada ya tisini na tisa kushindwa. Yatosha kwamba zilizobaki hazina tumaini la kweli. Kwa maoni yangu, hazikuwa nalo.

Sharti gumu zaidi ni uwiano: nguvu isizidi kile inachokusudia kuokoa. Hapa hatuna budi kusema kweli. Januari 1979 majeshi yetu yalipoitwaa Mutukula, yaliubomoa mji na kuua raia, kwa kisasi cha yaliyotendwa Kagera. Aliyekwenda kuokoa watu hawezi kulitetea hilo hata kidogo. Mwalimu alichukizwa, akaagiza raia wasidhuriwe tena.

Linganisheni na Kampala mwezi wa Aprili. Barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi makusudi, ili askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin wapate kuondoka. Jeshi lililozungukwa pande zote hupigana nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba ndio wafao. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, maana adui naye alipata njia ya kukimbilia. Lakini mji uliangukia mikononi mwetu tarehe 11 Aprili bila maangamizi yaliyohofiwa.

Wako wanaonikumbusha kuwa Rais Lule alidumu siku 68 tu, na kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 Waganda waliuana tena kule Luwero. Ni kweli. Hata hivyo uwiano hupimwa kwa yale ambayo mwamuzi angeweza kuyaona siku ya kuamua, na mwanzoni mwa 1979 aliyeonekana alikuwa Amin.