Kijiko Kimoja cha Humusi Kina Nini Ndani Yake?

(Mazungumzo ya lishe kwa wakazi)



Mazungumzo ya leo yanahusu humusi, kile chakula cha kupaka ambacho asili yake ni nchi za Kiarabu za upande wa Shamu, na ambacho sasa kinauzwa kwenye maduka makubwa na kutengenezwa nyumbani. Humusi hutengenezwa kwa dengu za manjano, zile ambazo wengi huziita chana na ambazo unga wake hupikiwa bajia. Si zile ndengu ndogo za kijani. Dengu huchemshwa, zikasagwa pamoja na tahini, ambayo ni ufuta uliosagwa, kisha huongezwa mafuta, maji ya limau, kitunguu saumu na chumvi.

Kwa kuwa kiungo kikuu ni dengu, wengi huihesabu humusi kama maharagwe. Hesabu ya bakuli moja inaonyesha vingine. Chukua gramu 400 za dengu zilizochemshwa, gramu 100 za tahini, gramu 50 za mafuta, na gramu 100 za maji ya limau na maji ya kawaida. Jumla ni gramu 650. Dengu huleta takriban kalori 660, tahini 595, mafuta 440, na limau kalori chache tu. Bakuli zima lina karibu kalori 1,700.

Sasa tazama tahini na mafuta. Kwa uzito, viwili hivyo havifiki robo ya bakuli. Kwa kalori, vimeleta zaidi ya nusu, kama 1,035. Sababu ni kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya protini au ya wanga ina kalori 4, na dengu zilizochemshwa zimejaa maji.

Ukigawanya bakuli hilo, kila gramu 100 zina takriban kalori 260, protini gramu 8, mafuta gramu 17 hadi 18, na wanga gramu 20, ikiwa ni pamoja na nyuzinyuzi. Mkono wa mpishi hubadilisha hesabu hii: anayezidisha tahini huongeza mafuta, na anayezidisha maji hupunguza kila kitu.

Kijiko ndicho kinachowapoteza watu. Kijiko kikubwa cha kupimia ni mililita 15, na kikisawazishwa kwa kisu hubeba takriban gramu 15 za humusi, yaani kalori 40 hivi. Lakini humusi ni nzito na hainyooki yenyewe kama maji. Ukiichota, husimama kama kilima, na kijiko kile kile hubeba gramu 30 au 35.

Mfano ni mkazi anayepunguza uzito na kuandika kila anachokula. Asubuhi anaandika "humusi vijiko viwili", akihesabu gramu 30 na kalori 80. Vijiko vyake ni vya kilima, gramu 35 kila kimoja, kwa hiyo amekula gramu 70, kalori zipatazo 180. Kisha amemimina juu yake kijiko kimoja cha mafuta, kalori nyingine 120. Daftari linasema 80, tumbo limepokea 300. Baada ya mwezi uzito haujashuka, naye anadhani mwili wake una tatizo.

Hata protini ipimwe vivyo hivyo. Vijiko viwili vilivyosawazishwa vina gramu 2 na nusu tu za protini. Hivyo haviwezi kushika nafasi ya sahani ya maharagwe.

Jinsi ya kukijua kijiko chako ni rahisi. Chukua kijiko kidogo cha mililita 5 kinachokuja na dawa ya maji ya watoto. Mimina maji mara tatu ndani ya kijiko chako cha mezani. Kikifurika kabla ya mara ya tatu, ni kidogo kuliko kipimo. Kikibaki na nafasi, ni kikubwa.

Kuhusu kilima, tumia kopo lenye uzito ulioandikwa. Kopo la gramu 250 likichotwa kwa vijiko vilivyosawazishwa hutoa vijiko 16 hadi 17. Hesabu vijiko vyako mpaka liishe, kisha gawanya 250 kwa idadi hiyo. Likiisha kwa vijiko 7, basi kila kijiko chako ni karibu gramu 36. Mwenye mizani aweke kopo juu yake kabla ya kuchota na baada ya kuchota. Tofauti ndiyo aliyokula, pamoja na ile iliyolambwa kijikoni.

Tahadhari ya mwisho ni kwa anayepika nyumbani. Dengu kavu zina kalori zaidi ya mara mbili ya zilizochemshwa kwa uzito ule ule, kwa sababu hazijanyonya maji. Anayezipima zikiwa kavu atumie hesabu ya dengu kavu. Anayezipima baada ya kuchemsha atumie ya zilizochemshwa. Naye ambaye mwili wake hukataa ufuta asiionje humusi hata kijiko kimoja, kwani tahini ni ufuta mtupu.