Mazungumzo kwa Wananchi: Makubaliano ya Mdomo Kati ya Majirani



Katika mitaa ya Nyamagana iliyo kando ya Ziwa Viktoria, kazi nyingi huanza kwa neno la mdomo. Jirani humwomba jirani, bei hutajwa, na kazi hufanyika bila karatasi. Ugomvi unapotokea, husikika kauli kwamba pasipo maandishi hapana mkataba. Kauli hiyo si sahihi.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 na inayotumika Tanzania Bara, haidai maandishi kwa kila mkataba. Kifungu cha 10 kinasema kuwa makubaliano ni mkataba yakifanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Maandishi yanahitajika pale tu sheria nyingine inapoyadai.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Igogo ambaye mtumbwi wake unavuja, na jirani yake ambaye ni fundi seremala. Fundi anasema: "Nitabadilisha mbao tatu na kuziba nyufa kwa shilingi 180,000." Hilo ni pendekezo, kwa kuwa fundi ameonyesha utayari wa kufanya jambo fulani kwa bei fulani ili apate kibali cha mwenzake.

Mvuvi anajibu: "Sawa, lakini kwa 150,000." Ingawa ametamka neno "sawa", bado hajakubali. Kukubali lazima kuwe kamili, bila sharti jipya. Jibu hilo limeliondoa pendekezo la kwanza na kuleta lingine badala yake. Lau wangeachana hapo, pasingekuwa na mkataba, na mvuvi asingeweza kesho yake kudai kuwa fundi amefungwa na neno lake la awali. Lakini fundi anasema: "Haya, lete mtumbwi." Hapo ndipo mkataba unapozaliwa, kwa shilingi 150,000.

Limebaki jambo la tatu, yaani malipo kwa maana ya kisheria. Maana yake si fedha peke yake, bali ni kile ambacho kila upande unatoa au unaahidi kutoa kwa sababu ya ahadi ya mwenzake. Fundi ameahidi kazi, naye mvuvi ameahidi fedha. Kama mvuvi angeahidi tu kumpa jirani nyavu zake za zamani bila kutaka chochote, ahadi hiyo ya mdomo isingeweza kudaiwa mahakamani, kwa kuwa hakuna kilichotolewa badala yake.

Hata hivyo, kifungu cha 25 kina jambo ambalo wengi hawalijui. Tuseme usiku wa dhoruba fundi aliuokoa mtumbwi huo kwa hiari yake bila kuombwa, na asubuhi mvuvi akaahidi kumpa shilingi 30,000. Ingawa kazi ilitangulia ahadi, sheria inaitambua ahadi ya kumfidia mtu ambaye tayari amemtendea mwahidi jambo kwa hiari. Ahadi hiyo inadaiwa. Bila ahadi ya asubuhi, fundi asingeweza kuegemea kipengele hicho.

Tuseme sasa kazi imekwisha, na mvuvi anakataa kulipa akidai ulikuwa msaada wa ujirani. Anayedai ndiye anayethibitisha. Mahakama itauliza: je, bei ilitajwa? Nani alisikia? Nani alinunua mbao? Je, malipo ya awali yalitolewa? Shahidi aliyesikia maneno yenyewe ana uzito kuliko aliyesimuliwa baadaye. Ujumbe wa simu unaoonyesha fedha iliyotumwa huweza kuonyesha kuwa wawili hao hawakuwa wakisaidiana bure. Fundi asiye na lolote la kuunga mkono neno lake anaweza kushindwa, si kwa kuwa hapakuwa na mkataba, bali kwa kuwa hakuuthibitisha.

Kuna mpaka usiopaswa kusahauliwa. Mkataba wa kuuza au kuhamisha haki ya kumiliki ardhi unahitaji maandishi yenye sahihi, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Anayenunua kipande cha uwanja wa jirani kwa neno la mdomo, hata mbele ya mashahidi, anajiweka mahali pabaya.

Muda nao una kikomo. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, shauri la mkataba wa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza.

Kwa hiyo, jirani anayekubaliana kwa mdomo ataje kazi, bei na siku ya malipo mbele ya mtu mmoja asiye na maslahi katika jambo hilo. Maneno hayo machache ndiyo yatakayoulizwa siku ya ugomvi.