Tangazo la Kubadilika kwa Mmiliki wa Biashara: Namba, Daftari na Amana katika Duka la Bute

Tangazo la kubadilika kwa mmiliki wa biashara ni taarifa ambayo muuzaji na mnunuzi huwapa wateja ili wajue ni nani sasa mwenye biashara, kuanzia siku gani, na ni mambo gani kati ya waliyozoea yatakayobaki na yapi yatakayobadilika. Sentensi inayopatikana karibu katika kila tangazo la aina hii ni kwamba huduma zitaendelea kama kawaida. Makala hii inashikilia kwamba sentensi hiyo haina uzito wowote mpaka ifungwe kwenye vitu vitatu ambavyo mteja huvishika mkononi, yaani namba anayopiga na kulipia, deni lililoandikwa kwa jina lake, na mali yake iliyowekwa dukani, na kwamba ahadi inayoweza kutolewa juu ya vitu hivyo hutegemea aina ya uhamisho uliofanyika.

Aina za uhamisho zinazohusika hapa ni mbili. Ya kwanza ni kuuzwa kwa hisa, ambapo kampuni hubaki ileile, kwa kuwa kisheria ina nafsi yake mbali na wenye hisa, na kinachobadilika ni watu wanaoimiliki. Mfano ulio karibu na watu wa Kaskazini Mashariki ni First Community Bank, benki ya Kiislamu iliyoanza shughuli Juni 2008 na kuwa na matawi hadi Garissa na Wajir. Tarehe 27 Machi 2023 asilimia 62.5 ya hisa zake zilichukuliwa na Premier Bank ya Mogadishu, na Benki Kuu ya Kenya ikautangazia umma, na baadaye benki yenyewe ikachukua jina la Premier Bank Kenya. Kwa kuwa aliyedaiwa amana na wateja alikuwa kampuni, na kampuni haikuondoka, kuambiwa kwamba akaunti zinaendelea lilikuwa ni jambo la kisheria kabla ya kuwa ahadi ya mwenye benki.

Aina ya pili ni kuhamishwa kwa biashara yenyewe, ambapo mali au wateja hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na hapo hakuna kinachoendelea mpaka kielezwe kimekwenda wapi. Essar Telecom, iliyokuwa ikiendesha mtandao wa Yu, ilipoondoka Kenya mwaka 2014, mitambo yake ilikwenda Safaricom na wateja wake wakaenda Airtel, hivyo mteja mwenye namba inayoanza na 075 alibaki na namba yake lakini akawa na mtoa huduma asiyemchagua. Airtel yenyewe ilikuwa imeanza kama Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010, na katika majina hayo yote mwenye laini ya 0733 hakulazimika kuwapa watu wake namba nyingine. Yafaa kuzingatiwa kwamba kilichowatuliza wateja wa kampuni hizo hakikuwa jina wala rangi ya mabango, bali ni namba kubaki ileile.

Duka la Bute, mji wa Wajir Kaskazini, karibu siku zote huwa katika aina ya pili. Duka lililoandikishwa kama jina la biashara la mtu mmoja halina nafsi ya kisheria mbali na mwenyewe, kwa hiyo halina hisa za kuuzwa, na linapouzwa huwa limehamishwa, hata kama kibao cha mlangoni hakikuguswa. Hapa ndipo mwandishi wa tangazo anayeiga maneno ya benki anapokosea, kwa kuwa anaahidi mwendelezo ambao kwa benki huletwa na kampuni, na kwa duka hauletwi na kitu chochote isipokuwa makubaliano ya watu wawili yaliyoandikwa vizuri.

Suala la namba ndilo linaloharibika upesi zaidi. Chukuliwe duka la jumla la unga, sukari na mafuta linalouzwa tarehe 1 Novemba, lenye wateja Gurar, Korondile na Danaba ambao hupiga simu kuagiza, hulipa kwa Lipa na M-Pesa, na hutumiwa mzigo kwa gari. Laini ya simu imeandikishwa kwa kitambulisho cha muuzaji, na namba ya malipo, inayojulikana kwa wengi kama tili, huingiza pesa kwa yule aliyeifungua. Mteja wa Korondile akilipa shilingi 6,000 tarehe 4 Novemba kwa tili ya zamani, pesa humfikia muuzaji ambaye hana tena mzigo, na mnunuzi mwenye mzigo huona mteja hajalipa. M-Pesa humwonyesha mlipaji jina la biashara kabla ya kuthibitisha, lakini kinga hiyo haifanyi kazi ikiwa tili ya zamani na mpya zote zina jina la duka lilelile, jambo ambalo hutokea sana kwa sababu mnunuzi amelipia jina hilo na anataka kulitumia. Kwa hiyo tili mpya ifunguliwe kwa jina linalotofautiana walau kwa neno moja, na tangazo litaje tarakimu za tili pamoja na jina kamili kama linavyosomeka kwenye simu.

Tili ya zamani ni bora ifungwe siku ileile ya makabidhiano kuliko kuachwa wazi kwa hisani, kwa kuwa malipo yaliyokataliwa humfanya mteja apige simu kuuliza, ilhali malipo yaliyopokelewa na mtu asiyestahili humwacha akiamini amemaliza. Laini ya kupigia ni kinyume chake, kwani inapaswa kuendelea kuita. Njia mojawapo ni muuzaji na mnunuzi kwenda pamoja kwa kampuni ya simu na vitambulisho vyao ili laini ihamishwe rasmi, ingawa wauzaji wengi husita, kwa sababu laini hiyo ndiyo pia ya familia na ya pesa zao binafsi. Njia ya pili ni kuelekeza simu, yaani kuifanya kila simu inayopigwa kwa laini ya zamani ipokelewe kwenye mpya, na hilo hufanywa kwa kupiga katika simu ya muuzaji:

```
**21*07XXXXXXXX#
```

ambapo tarakimu za 07 na zinazofuata ni za laini mpya. Mipaka yake lazima ijulikane: huelekeza mazungumzo tu, haielekezi ujumbe mfupi wala pesa, na gharama ya kipande kinachoelekezwa huwa ya laini ya zamani, hivyo isipowekwa salio hukatika pasipo yeyote kutambua. Mnunuzi hulitambua tatizo hilo kwa kuipigia laini ya zamani mwenyewe kila asubuhi, jambo la dakika moja.

Daftari la madeni lina ugumu wa namna nyingine. Katika ukanda huu mfugaji huchukua unga na sukari wakati wa jilaal, yaani kiangazi cha kuanzia takribani Januari hadi mvua za gu zinazoanza Machi au Aprili, na hulipa anapouza mnyama. Muuzaji hutamani kumuuzia mnunuzi daftari lote, mara nyingi kwa bei iliyo chini ya jumla ya madeni, na hapo biashara hugongana na fiqhi, kwa kuwa wanazuoni wengi huzuia deni la fedha kuuzwa kwa mtu wa tatu kwa bei pungufu, wakiona riba ndani yake. Njia iliyo salama zaidi ni wakala, yaani uwakilishi, ambapo madeni yaliyochukuliwa kabla ya makabidhiano hubaki ya muuzaji, naye mnunuzi humwakilisha katika kuyapokea na kumkabidhi, kwa ujira uliokubaliwa au bila ujira. Tangazo basi hutaja tarehe ya kukata daftari, na kila mdaiwa hupewa kipande cha karatasi chenye kiasi chake. Mteja aliyekuwa akidaiwa shilingi 18,400 mpaka tarehe 31 Oktoba hana budi kukiona kiasi hicho kimeandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, la sivyo atajikuta anadaiwa mara mbili, au atalipa kwa mmoja na kukanushwa na mwingine.

Amana huenda upande wa pili, kwa kuwa hapo anayedai ni mteja. Baadhi ya wafugaji wakishauza ngamia au mbuzi huacha pesa kwa mwenye duka na kuzichukua kidogo kidogo kwa bidhaa. Sheria ya Kenya ya Uhamisho wa Biashara, Sura ya 500, inaweka msimamo ulio mkali kuliko wanavyodhani wanunuzi wengi: anayehamishiwa biashara huwajibika kwa madeni aliyoyaacha aliyetangulia, hata kama mkataba wao unasema vingine, isipokuwa taarifa iwe imetolewa kwa namna sheria inavyotaka, ikiwa ni pamoja na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo la msikitini baada ya sala ya Ijumaa, katika baraza la chifu, au katika redio ya jamii mjini Wajir huwafikia watu wa Bute vizuri zaidi kuliko Gazeti hilo, lakini haliwi badala yake. Mnunuzi asiyechapisha taarifa ajihesabu kuwa amezinunua amana pamoja na rafu, na ni bora bei iliyokubaliwa ipunguzwe kwa kiasi hicho tangu mwanzo.

Orodha ya namba za wateja nayo si bidhaa ya kupeana kimya kimya. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi, na anapaswa kujulishwa inakabidhiwa nani na kwa kazi gani. Ujumbe mfupi wa kwanza juu ya mabadiliko hutumwa na muuzaji kwa laini ambayo mteja anaijua, kwani ujumbe unaotoka kwa namba ngeni ukimtaka mtu alipe kwa tili mpya hufanana kabisa na wa matapeli, na mteja mwangalifu ana haki ya kuupuuza.

Kwa mfano uliotumika hapa, maneno yenyewe yangeweza kuwa haya: “Wateja wetu waheshimiwa, duka hili limeuzwa, na kuanzia tarehe 1 Novemba mwenye duka ni mnunuzi aliyetajwa hapa chini. Namba ya simu mliyoizoea itaendelea kuita. Tili ya zamani imefungwa. Lipeni kwa tili mpya ambayo tarakimu zake zimeandikwa hapa, baada ya kuhakikisha jina linalotokea kwenye simu ni lile lililoandikwa hapa. Madeni ya mpaka tarehe 31 Oktoba ni ya mwenye duka wa zamani, nayo yatapokelewa dukani kwa niaba yake. Mwenye amana aje na shahidi wake aandikiwe upya. Amana zote zitalipwa na mnunuzi.” Sahihi huwa mbili, na maneno husomwa kwa Kisomali na Kiborana pia.

Muda wa kuendelea kutangaza haupimwi kwa wiki. Mteja aliyekuwa mbali na mifugo yake tangazo la Novemba liliposomwa hakulisikia, naye atafika dukani mvua za gu zikimrudisha akiwa na deni la zamani, namba ya zamani na jina la mwenye duka wa zamani. Kwa sababu hiyo karatasi ibaki ukutani, muuzaji aendelee kupatikana, na laini yake iendelee kuelekezwa mpaka msimu mmoja kamili wa gu upite.