Udongo Mweusi Nyuma ya Mashine ya Kusaga

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka chini ya sauti)

Nasema nanyi, wasikilizaji wetu wa Nakivale, mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, na nyinyi mnaosoma karatasi hii kwa sababu redio haikuwashika vizuri.

Leo naanza na swali la mama mmoja. Alinisimamisha njiani, akaniambia: "Mwanangu, wewe unayesema kwenye redio, njoo uone maharagwe yangu." Nikamfuata. Shamba lake dogo liko chini ya kibanda cha mashine ya kusaga unga, na mistari miwili ya juu ilikuwa imegeuka njano, mimea imedumaa. Nyuma ya kibanda udongo ulikuwa mweusi, unateleza, unanuka oili. Injini ile ya dizeli, mazuti kama tunavyosema sisi Wakongo, ilikuwa imevuja kwa miaka, na kila oili ilipobadilishwa, ile chafu ilimwagwa papo hapo. Mvua ikinyesha inateremka kwa mama.

Mwenye mashine si mtu mbaya. Alikuwa tayari amejaribu mambo mawili. Kwanza alimwaga maji ya sabuni ya unga. Sabuni haili oili, inaipasua tu vipande vidogo ili iende na maji, kwa hiyo ilizama zaidi na nyingine ikashuka shambani. Kisha akafunika kwa mchanga. Juu pakawa pazuri, chini oili ikabaki vilevile. Sababu yake mtaiona.

Oili inatoka ardhini, imetokana na viumbe waliokufa zamani sana, na duniani kuna bakteria wanaoila kama chakula. Wako kila mahali, hata katika udongo wa nyumbani kwako, lakini ni wachache mpaka oili imwagike. Chembe ya oili ni kama uzi wa shanga: shanga za kaboni zimefuatana, na haidrojeni imezishika pembeni. Bakteria anashika ncha moja ya uzi, anaibandika oksijeni, kisha anaanza kukata shanga mbili, tena mbili, mpaka uzi unakwisha. Mwishoni inabaki hewa ya ukaa, maji, na bakteria wapya waliozaliwa kwa chakula hicho.

Ona hapo oksijeni inapoingia: mwanzo kabisa. Bila hewa, mkato wa kwanza unakuwa mgumu sana na kazi inakwenda polepole mno. Ndiyo maana mchanga wa yule bwana haukusaidia. Aliwafunika wafanyakazi akawanyima pumzi.

Kitu cha pili kinachokosekana ni mboga. Sisi tunajua maana ya kula ugali mtupu: tumbo linajaa lakini mwili haujengeki. Oili ni ugali mtupu. Ina kaboni nyingi, lakini karibu haina nitrojeni wala fosforasi, na bakteria hawezi kuzaa bila hivyo viwili. Kipimo wanachoanzia watu wa kazi hii ni kilo 10 za nitrojeni na kilo 1 ya fosforasi kwa kila kilo 100 za kaboni.

Jambo hili lilionekana wazi Alaska, huko Amerika kwenye baridi. Machi 24, 1989, meli ya mafuta iliyoitwa Exxon Valdez iligonga mwamba, ikamwaga karibu lita milioni 40 za mafuta ghafi. Kwenye baadhi ya fukwe hawakuleta bakteria kutoka mbali. Walinyunyizia mbolea tu, na baada ya wiki mbili tatu mawe yaliyopata mbolea yalionekana meupe kando ya yale yasiyopata. Bakteria walikuwepo tangu mwanzo, walikosa mboga. Lakini mafuta yaliyojificha chini ya mawe, mahali hewa haifiki, yalikutwa bado yapo zaidi ya miaka kumi baadaye. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia chupa ya bakteria wa kula oili, muulize kwanza kama ana samadi na jembe.

(Muziki mfupi)

Sasa turudi nyuma ya kibanda. Nilikwenda na kaka mmoja fundi wa gereji, na mwenye mashine akakubali tujaribu. Kwanza alisimamisha uvujaji, akaweka sufuria kuukuu chini ya injini, na oili chafu sasa inaingia kwenye jerikani. Bila hilo msihangaike, mtakuwa mnapiga deki huku bomba limefunguliwa.

Tulichimba udongo mweusi mpaka tukafika kwenye rangi ya kawaida. Ulitoka toroli 10, kama kilo 800. Tulivaa glavu na mabuti, watoto tukawafukuza, kwa sababu oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kuleta kansa zikigusa ngozi mara kwa mara. Tulitandika shitingi mahali palipoinuka, mbali na bomba la maji na mbali na mtaro, tukazungushia tuta la udongo safi ili kitu kisitoroke.

Fundi alikadiria kwamba mle ndani mna lita 25 za oili. Hizo zina kaboni kama kilo 19, kwa hiyo bakteria wanahitaji karibu kilo 2 za nitrojeni. Samadi kavu ya ng'ombe ina nitrojeni kama kilo moja na nusu katika kila kilo 100, basi tukahitaji kilo 130 hivi, yaani magunia manne. Hapa Isingiro ng'ombe si shida, tulipata bure. Fosforasi nayo imo humohumo. Mngeweza kutumia yurea, kilo 4 na kidogo zingetosha kwa nitrojeni, lakini ina bei, na ukiitupa yote siku moja inawaunguza bakteria wenyewe. Ukiitumia, igawe mara nne au tano.

Tulivunja mabonge kwa jembe. Kazi hiyo inachosha na watu wanaikwepa, lakini bakteria wanafanya kazi pale oili inapokutana na maji, na katikati ya bonge hawafiki. Tukachanganya samadi, tukaongeza mabua makavu ya mahindi yaliyokatwa ili hewa ipite, tukatandaza kwa kina cha sentimita 30. Vumbi la mbao tulilikataa. Lenyewe ni kaboni, lingeshindania ileile nitrojeni.

Maji ndiyo yaliyotusumbua. Kipimo ni mkono wenye glavu: finya konzi ya udongo. Ukishikamana bila kudondosha maji, ni sawa. Ukimwagika kama vumbi, bakteria wamelala. Ukidondosha maji, nafasi za hewa zimejaa. Wiki ya tatu mvua ilinyesha usiku na mtu alikuwa amesahau kufunika. Baada ya siku chache tulipochimba, pakanuka kama yai bovu. Harufu hiyo ndiyo dalili kwamba oksijeni imekwisha na bakteria wa aina nyingine wameshika nafasi. Tulipindua siku tatu mfululizo mpaka harufu ikaisha. Baada ya hapo tulirudi kwenye utaratibu wa kupindua mara moja kwa wiki, na shitingi ya pili juu kila jioni yenye mawingu.

Joto la huku linatusaidia. Bakteria hawa wanapenda nyuzi 20 mpaka 35, hali yetu karibu mwaka mzima. Alaska walikuwa na miezi michache tu ya kiangazi.

Utajuaje kama oili inaliwa kweli? Msidanganywe na rangi. Ukichanganya samadi, weusi na harufu vinapungua siku ileile kwa sababu umezimua tu. Kwa hiyo tuliweka pembeni ndoo moja ya mchanganyiko uleule, wenye samadi ileile, lakini hatukuimwagilia wala kuipindua. Kila baada ya wiki mbili tulichukua kijiko kimoja kutoka kila upande, tukatia kwenye chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, maji sawa, tukatikisa, tukaacha mpaka kesho. Mwanzoni chupa zote mbili zilikuwa na utando wa rangi za upinde wa mvua juu. Wiki ya 8 utando wa lundo ulikuwa umekatikakatika. Wiki ya 16 ilibaki michirizi, na chupa ya ndoo ilikuwa bado na utando mzima.

Kisha tukapanda mbegu za maharagwe 10 katika kila kopo. Udongo safi ziliota 9, wa lundo 6, wa ndoo 1. Mama wa maharagwe ndiye aliyehesabu, hakutaka sisi tuguse.

Sita si tisa, na sitaki kuwadanganya. Uzi mrefu ulionyooka unaliwa mapema, lakini oili ya injini ina pia shanga zilizojikunja kuwa pete, pete tatu, nne, tano zimeshikana, na hizo zinachukua miezi mingi zaidi, nyingine zinabaki. Tena oili iliyopita kwenye injini inabeba metali, zinki, hata risasi kutoka kwenye vyuma vilivyosagika. Metali hailiwi na bakteria yeyote. Haina shanga za kukata. Kwa hiyo udongo ule haukurudi shambani. Mwenye mashine aliutumia kujazia chini ya sakafu mpya ya sementi, chini ya paa, pale injini inapokaa. Usipande mboga kwenye udongo wa namna hii, hata ukiona majani yake ni kijani.

Wengine mtasema tumesumbuka bure kwa lita 25. Mnajua maji ya mabomba yetu yanavutwa kutoka ziwani, yanasafishwa kwanza, lakini mitambo ile haikujengwa kuondoa oili. Na kule juu, Mbarara, magari yanaoshwa karibu na Mto Rwizi, na mto huo unaelekea kwenye maziwa ya upande wetu. Yale ya Mbarara hatuyawezi sisi. Lakini gereji zetu na mashine zetu zipo kwenye miteremko yetu wenyewe.

Kama una sehemu kama hiyo, mwambie kwanza kiongozi wa kijiji chako kabla ya kuchimba, na kama oili iko karibu na kisima au ukingo wa ziwa, acha jembe, toa taarifa ofisini. Na ikiwa kilichomwagika ni petroli, kaa mbali kabisa, hiyo inalipuka.

Mwenye mashine anauliza afanye nini na jerikani ya oili chafu, kwa maana sasa imejaa. Fundi anasema kuna wanaoinunua Mbarara. Wiki ijayo atakuwa hapa studio, tutamuuliza inakwenda wapi. Nanyi leteni maswali yenu kwenye sanduku la mlangoni.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho)